Cheti cha uasili na cheti cha afya ya mimea: urahisishe mpaka wapi ukitafsiri

Swali: "Shikamoo kaka. Nafanya tafsiri hapa Arusha. Kuna kampuni inapeleka pilipili Uholanzi kwa ndege imenipa vyeti viwili vya Kiingereza nivitafsiri kwa Kiswahili, cheti cha uasili na kile cha afya ya mimea, kwasababu wakulima wao wanasaini mkataba mpya na vyeti vinaambatanishwa, na mwanasheria wao naye atavitumia. Wameniambia nirahisishe watu waelewe. Nirahisishe mpaka wapi? Alafu vyote viwili vinataja asili, ni asili ileile? Na kwenye cheti cha mimea kuna boksi la tamko la ziada lina maneno marefu ya mahali pa uzalishaji na Thaumatotibia leucotreta, yananichanganya."

Marahaba mdogo wangu. Kabla hujagusa sentensi hata moja waambie wateja wako watapokea karatasi mbili tofauti. Ya kwanza ni tafsiri yenyewe, neno kwa kazi yake, hakuna kurahisisha. Ya pili ni maelezo kwa wakulima, ukurasa mmoja au miwili, humo ndo urahisishe unavyotaka. Ukizichanganya hizi mbili mwanasheria atakuja kusoma maelezo yako akidhani ndo cheti kinavyosema, na kwenye mgogoro wa hela hilo ni jambo kubwa sana. Na hakuna kuandika chochote juu ya cheti chenyewe, hata kwa penseli, hata kwenye nakala itakayorudi kwenye faili la mzigo. Cheti cha afya ya mimea kikiwa na marekebisho au kufutwafutwa bila idhini ya mamlaka iliyokitoa kinahesabika batili. Kitakachosomwa na mkaguzi kule Uholanzi ni kile cha Kiingereza. Nchi zinashauriwa kutoa vyeti hivi kwa moja ya lugha rasmi za FAO, yaani Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania, na sisi hatumo. Kwahiyo tafsiri yako ni ya kueleweka huku nyumbani, iandike hivyo juu kabisa: tafsiri, si cheti.

Sasa tuingie kwenye maneno. Kitu cha kwanza cha kuangalia kwenye vyeti hivi ni nani anaongea, kwasababu karatasi ni moja ila ndani yake kuna sauti mbili, ya mwenye mzigo na ya afisa. Kwenye cheti cha afya ya mimea, ambacho mpangilio wake unatoka kwenye Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea (IPPC), utaona baadhi ya maboksi yana neno la kuonyesha kwamba hiki kimetajwa tu na mwenye mzigo: jina na anuani ya mpokeaji, chombo cha usafiri, mahali mzigo utakapoingilia, na jina la zao na kiasi chake. Maboksi mengine hayana hilo neno, mfano idadi na aina ya vifungashio, alama za utambulisho, mahali pa asili na jina la kibotania. Hii haikutokea kwa bahati mbaya. Afisa hathibitishi kwamba ndege itakuwa ile iliyoandikwa wala kwamba mpokeaji wa Rotterdam ndiye huyo kweli, anaandika alichoambiwa. Kwahiyo usiandike tu "Mpokeaji", andika "Jina na anuani ya mpokeaji kama ilivyotajwa", na "Kiasi kilichotajwa". Watafsiri wengi wanakitupa hicho kineno wakiona ni mapambo ya Kiingereza, alafu siku kilo zikipungua uwanja wa ndege mkulima anaenda na tafsiri mkononi anasema serikali ilithibitisha kilo 1,200. Haikuthibitisha hivyo, na tafsiri nzuri ingemwonyesha mapema.

Hapohapo angalia neno msafirishaji. Kwa Kiswahili chetu msafirishaji ni yule kampuni inayouza nje na pia ni mwenye lori na pia ni shirika la ndege, watu watatu tofauti ndani ya neno moja. Mimi naandika "muuzaji nje (mwenye mzigo)" kwa kampuni na "mchukuzi" kwa anayebeba, na naeleza hivyo mara moja mwanzoni mwa tafsiri. Chagua utakayo ila usibadilishe katikati.

Tuje kwenye ile sentensi ndefu ya uthibitisho, moyo wa cheti cha mimea. Mimi ningeiweka hivi:

"Inathibitishwa kwamba mimea, mazao ya mimea au vitu vingine vinavyodhibitiwa vilivyoelezwa humu vimekaguliwa na/au kupimwa kwa kufuata taratibu rasmi zinazofaa, na vinachukuliwa kuwa havina visumbufu vya karantini vilivyobainishwa na nchi mwanachama inayoingiza, na vinakidhi masharti ya sasa ya afya ya mimea ya nchi hiyo, yakiwemo yanayohusu visumbufu visivyo vya karantini vinavyodhibitiwa."

Ni ndefu, najua, lakini kila kipande kina mwenyewe. Anza na visumbufu. Usiandike wadudu. Kwenye lugha ya mkataba huu kisumbufu ni mdudu, ni kuvu, ni bakteria, ni virusi, ni minyoo fundo, hata gugu, chochote chenye kudhuru mimea. Ukiandika wadudu umeondoa magonjwa yote kwenye uthibitisho kwa kalamu yako mwenyewe. Neno visumbufu ndo linatumika kwenye sekta huku Tanzania, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ile TPHPA, wanalitumia, kwahiyo hata mkulima ameshalisikia kwa afisa ugani.

Kipande cha pili ni "vinachukuliwa kuwa havina". Najua mtu aliyekwambia urahisishe angependa uandike "havina visumbufu", fupi, safi. Usikubali. Kwenye kamusi ya viwango vyao, ISPM 5, kusema mzigo hauna kisumbufu maana yake hauna kwa idadi inayoweza kugunduliwa kwa taratibu za ukaguzi zilizotumika. Yaani mkaguzi kachukua sampuli, kaangalia kwa utaratibu uliowekwa, hakukuta. Hajafungua kila pilipili. Mzigo ukifika uwanja wa ndege wa Schiphol wakakuta funza mmoja haimaanishi cheti kilidanganya, maana cheti chenyewe hakikuahidi sifuri. Hata hivyo mzigo utakataliwa au kuteketezwa vilevile, na gharama itatafuta mwenyewe kwenye huo mkataba wanaosaini wakulima. Ukiandika "havina kabisa" umempa mtu silaha ambayo cheti hakikumpa.

Vyeti vingine vina sentensi ya ziada fupi chini yake, ni ya hiari, inayogusa visumbufu vingine vyote vilivyobaki. Pale lugha inalegea zaidi, na inatakiwa ilegee na kwenye Kiswahili. Maana yake rasmi ni kwamba visumbufu hivyo havizidi kiasi kinachotarajiwa pale mtu anapolima na kushughulikia zao kwa njia nzuri za kawaida. Mimi huandika "vinahesabiwa kuwa havina visumbufu vingine kupita kiwango cha kawaida". Wapo wanaoandika "kivitendo havina", mkulima haelewi kitu hapo na mwanasheria naye ataelewa anachotaka. La muhimu ni sentensi mbili hizi zisifanane nguvu, ya kwanza kali ya pili laini, kama zilivyo kwenye asili yake.

Alafu karantini. Hapa ndo utaulizwa maswali na wakulima: huyo nondo wa kwenye tamko la ziada yuko kwetu miaka yote, iweje wamuite wa karantini? Jibu ni kwamba karantini inaangaliwa kutoka upande wa nchi inayopokea. Kisumbufu cha karantini ni kile chenye uwezo wa kuleta hasara kwenye eneo fulani ambako bado hakijafika, au kimefika ila hakijaenea na kinadhibitiwa rasmi. Thaumatotibia leucotreta ndiye huyo nondo, ni wa kwetu huku Afrika kusini mwa Sahara, funza wake anatoboa pilipili, machungwa, komamanga na mengine mengi, wakati Ulaya wanamzuia asiingie. Ndo maana kwenye sentensi usikate yale maneno "vilivyobainishwa na nchi mwanachama inayoingiza", ndo yanayosema karantini ya nani. Jina lake la kisayansi liache hivihivi, herufi kwa herufi. Kwenye karatasi ya maelezo mwite funza wa pilipili ukitaka na uwawekee picha, kwenye tafsiri hapana.

Sasa boksi la tamko la ziada, nataka tukae hapa kidogo maana ndo lina hela za watu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2019/2072 inataka matunda ya jamii ya Capsicum kutoka nchi za Afrika yawe na tamko rasmi kuhusu huyu nondo, na inatoa njia kadhaa za kulitimiza. Kwa lugha nyepesi: ama nchi nzima imetambuliwa haina huyo nondo, ama eneo fulani ndani ya nchi halina, ama mahali pa uzalishaji hapana nondo huyo, ama matunda yamepitia ubaridi unaotosha, au mfumo wa hatua kadhaa zilizounganishwa, au tiba nyingine baada ya kuvuna. Na sheria yao kuu ya afya ya mimea, 2016/2031, inasema pale penye njia zaidi ya moja cheti lazima kitaje ni njia ipi imetimizwa, tena kwa maneno kamili ya sharti lenyewe. Ndo maana boksi lako lina maneno marefu hivyo. Siyo afisa aliyependa kuandika, yamenakiliwa kutoka kwenye sheria, na mkaguzi wa kule anayalinganisha na sheria mstari kwa mstari.

Kwa ulivyoeleza cheti chako kimetumia njia ya mahali pa uzalishaji. Tafsiri yangu ingekuwa hivi:

"Matunda yametoka mahali pa uzalishaji palipothibitishwa na shirika la taifa la kulinda mimea la nchi ya asili kuwa hapana Thaumatotibia leucotreta kwa kufuata viwango vya kimataifa vinavyohusika, taarifa za ufuatiliaji zimewekwa kwenye cheti hiki, na ukaguzi rasmi umefanyika mahali hapo pa uzalishaji katika nyakati zinazofaa za msimu wa ukuaji, ukiwemo uchunguzi wa macho wa sampuli wakilishi za matunda, yaliyoonekana kutokuwa na Thaumatotibia leucotreta."

Linganisha na cheti chako kwanza, maneno ya kanuni hurekebishwa mara kwa mara, fuata kilichochapwa mbele yako usifuate kumbukumbu yangu. Ila mitego ni ileile. Mtego mkubwa ni neno eneo. Kwa Kiswahili cha kawaida eneo ni shamba, ni kata, ni mkoa, ni popote. Kwenye hivi vyeti kuna ngazi tatu na kila moja ina sharti lake. Kuna eneo lisilo na kisumbufu, ambalo linaweza kuwa wilaya au hata nchi, kiwango chake ni ISPM 4. Kuna mahali pa uzalishaji, maana yake majengo au mkusanyiko wa mashamba yanayoendeshwa kama kitengo kimoja cha kilimo. Na kuna kipande cha uzalishaji, yaani sehemu maalumu ndani ya mahali hapo inayosimamiwa peke yake. Hizi mbili za mwisho ziko ISPM 10. Ukiandika "eneo" kwa zote tatu umefuta tofauti ambayo sheria imeijenga makusudi.

Na kwa wakulima wako tofauti hiyo inaonekana hivi. Tuseme kikundi kina wakulima 30, kila mmoja na nusu eka, na kampuni imewasajili wote kama mahali pamoja pa uzalishaji, msimbo mmoja wa utambulisho. Mwezi wa pili mkaguzi anakuta funza kwenye shamba la mkulima mmoja. Kwa utaratibu wa ISPM 10 kisumbufu kikigunduliwa hadhi ya mahali pale inapotea, na mahali pale ni wote 30, mpaka hatua zichukuliwe na mamlaka ijiridhishe tena. Kama wangesajiliwa kila shamba na msimbo wake, au kama vipande vinavyosimamiwa peke yake, habari ingekuwa nyingine kabisa. Sasa mkulima akisoma tafsiri inayosema "matunda yametoka eneo lisilo na nondo" atadhani wanaongelea Arumeru kwa ujumla, hatajua kwamba jirani yake asiyeokota matunda yaliyoanguka anaweza kumsimamishia yeye mavuno. Akisoma "mahali pa uzalishaji" na kwenye karatasi ya maelezo umemwambia mahali hapo ni msimbo gani na kina nani wamo, ataelewa anachosaini. Kwahiyo muombe mteja wako ule msimbo wa ufuatiliaji ulioandikwa kwenye cheti, alafu muulize unawakilisha shamba moja au kikundi. Jibu lake liweke kwenye maelezo, usiliingize ndani ya tafsiri.

Mtego mwingine ni kuongeza. Nimeshaona tafsiri moja imeandika pilipili "zimepimwa maabara", wakati cheti kilisema uchunguzi wa macho. Mtafsiri aliona inaleta uzito. Na ile na/au kwenye sentensi kubwa, vimekaguliwa na/au kupimwa, iache na mkwaju wake japo inakera macho, maana mara nyingi kwa mboga na matunda kilichofanyika ni ukaguzi peke yake. Pia kama msimu ujao kampuni ikihamia njia ya mfumo wa hatua zilizounganishwa, usitumie tena tafsiri ya mwaka huu. Pale cheti hakisemi tena kwamba shambani hakuna nondo, kinasema matunda yamepitia hatua kadhaa za kuhakikisha hayana, na data za huo mfumo zinatajwa. Hayo ni madai mawili tofauti japo pilipili ni ileile na mnunuzi ni yuleyule.

Chini kuna sehemu ya tiba ya kuua visumbufu: tarehe, aina ya tiba, kiambato hai, muda na jotoridi, mkolezo. Kama haikufanyika utakuta imeandikwa neno moja la kusema hakuna, au imepigwa mistari. Tafsiri "Hakuna", au andika "imepigwa mstari", usiache wazi. Pengo jeupe kwenye tafsiri linafanya msomaji adhani umeruka kitu. Na ile sentensi ya mwisho ya dhima inasema dhima ya kifedha peke yake: "Mamlaka, maafisa wake na wawakilishi wake hawabebi dhima yoyote ya kifedha kuhusiana na cheti hiki." Ukiandika "mamlaka haiwajibiki" umeifungulia mlango mpana kuliko ilivyojifungulia yenyewe.

Tuje kwenye asili sasa. Hapana, siyo asili ileile. Kwenye cheti cha uasili, asili ni uraia wa bidhaa mbele ya forodha: kwa kanuni gani bidhaa hii inahesabiwa ya Tanzania. Kwenye cheti cha mimea, mahali pa asili ni pale zao lilipoota, mazingira liliyokutana na visumbufu. Kwa pilipili ya mkulima wako majibu yote mawili ni Tanzania kwahiyo huoni tofauti, ila cheti cha mimea kinaweza kushuka zaidi mpaka mkoa au msimbo wa shamba, wakati cha uasili kinatosheka na nchi. Mimi natumia "nchi ya uasili" kwa cha kwanza na "mahali pa asili (zao lilipolimwa)" kwa cha pili, nisiache mtu afikirie ni boksi moja limejirudia.

Tofauti inaonekana mzigo ukipungua. Tuseme oda ni katoni 240 na mashambani zimepatikana 190 tu, mtu anapendekeza katoni 50 zitoke Kenya kupitia Namanga zipangwe upya Arusha. Zikiwekwa kwenye katoni za kampuni kwa macho ni mzigo mmoja. Kwa forodha zile 50 zinabaki za Kenya, maana kuosha, kuchambua na kufungasha hakubadilishi uasili. Kwa afya ya mimea nazo hazikuota kwenye mahali pa uzalishaji palipotajwa, kwahiyo tamko la ziada halizihusu hata kidogo. Cheti kimoja kimeharibika kwa sababu moja na cha pili kwa sababu nyingine. Kama mkataba una kifungu cha kukataza kuchanganya mazao, tafsiri yenye maneno mawili tofauti itamsaidia mwanasheria kuonyesha kwamba kuna makosa mawili.

Kwenye cheti cha uasili utakutana na kigezo cha bidhaa iliyopatikana yote ndani ya nchi. Kwa mazao maana yake yamelimwa au kuvunwa hapo. Mbegu inaweza kuwa ya Uholanzi, mbolea ya kutoka nje, katoni ya Kenya, pilipili bado ni ya Tanzania. Naandika "iliyopatikana yote nchini" na kwenye maelezo naongeza "yaani imelimwa na kuvunwa hapa". Usiandike "imetengenezwa Tanzania kwa asilimia mia", mtu ataanza kuuliza mbegu. Na hapa pia kuna sauti mbili. Vyeti vingi vina boksi la mwenye mzigo anayetamka kwamba taarifa ni sahihi, na boksi la mtoa cheti anayethibitisha tamko hilo. Anayetamka ni "natamka", anayethibitisha ni "inathibitishwa", usiwape wote kitenzi kimoja.

Angalia pia ni cheti cha uasili cha aina gani. Kile cha kawaida cha chemba ya biashara, kwa huku TCCIA, kinasema tu bidhaa ni ya wapi, hakimpi mnunuzi nafuu ya ushuru. Nafuu ya Umoja wa Ulaya kwa Tanzania inapitia tamko la uasili ambalo muuzaji nje mwenyewe, akiwa amesajiliwa kwenye REX, mfumo wa Umoja wa Ulaya wa kuandikisha wauzaji nje, analiandika kwenye invoisi au hati nyingine ya biashara, na kwa mzigo usiozidi euro 6,000 hata asiyesajiliwa anaweza kuliandika. Tamko hilo maneno yake yamewekwa na sheria na yanakubalika kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Mwishoni kuna herufi `P`, inayomaanisha bidhaa imepatikana yote nchini. Hiyo herufi ni msimbo, haitafsiriwi, iache na uweke maelezo yake chini ya ukurasa. Kwahiyo tafsiri ya cheti cha chemba isipewe kichwa cha "cheti cha nafuu ya ushuru" hata kama mteja anakiita hivyo ofisini.

Mambo madogo yaliyobaki. Uzito: cheti cha uasili mara nyingi kinaandika uzito wa jumla pamoja na kifungashio, cha mimea kinaweza kuandika wa zao peke yake. Katoni 240 za kilo 5 ni kilo 1,200, na kila katoni tupu ikiwa nusu kilo uzito wa jumla unakuwa 1,320. Ukiandika "uzito" tupu kote kuwili utaonekana umekosea au kampuni imeiba, andika "uzito halisi bila kifungashio" na "uzito wa jumla pamoja na kifungashio". Kama Kiingereza chenyewe hakijasema ni upi, usikisie, andika "uzito" na uweke alama kwamba hati haijabainisha, alafu muulize mteja.

Jina la zao: hapa Tanzania hoho ni ile isiyowasha, ukishuka pwani utakuta mzee anaita hoho ile kali. Tumia jina lililozoeleka hapo ulipo na uliambatanishe na la kibotania kama lilivyochapwa, `Capsicum annuum` au `Capsicum frutescens`, bila kulirekebisha hata kama unadhani afisa kakosea. Ukiona cheti kimoja kina hili na kingine lile, hiyo ni taarifa ya kumpigia mteja simu leoleo, maana kama mzigo haujaruka bado anaweza kuomba cheti kibadilishwe na waliokitoa. Tarehe nazo andika mwezi kwa maneno. 03/04 mmoja ataisoma tatu Aprili mwingine Machi nne, na kwa Ulaya cheti cha mimea hakitakiwi kuwa kimetolewa zaidi ya siku 14 kabla mzigo haujaondoka nchini, kwahiyo siku zina uzito.

Mihuri, sahihi na namba za cheti zitaje kwa mabano ya mraba, mfano [muhuri wa duara, maandishi hayasomeki vizuri], na namba ya cheti irudie kila ukurasa wa tafsiri ili kurasa zisije zikachanganywa na za mzigo mwingine. Ukimaliza, mpe tafsiri mtu wa kampuni anayejaza maombi ya cheti, siyo meneja, akae na ya Kiingereza mkono mmoja na yako mkono wa pili aende boksi kwa boksi. Akikwambia "hapa umesema zaidi ya tulichoandika", msikilize, huyo anajua afisa aliangalia nini na nini hakuangalia.